“Nimelipa” sio “nilipe”: kisa cha boti iliyomjibu mlalamikaji kama mnunuzi mpya

Hiki kisa nakiandika chote toka mwanzo kwa sababu nilikuwa ndani yake, mimi ndiye niliyeseti yale majibu ya otomatiki. Peji ilikuwa ya wauzaji wa viatu mtandaoni, watu watatu tu wanaoifanya kazi yote, mmoja anapiga picha na kuposti, mmoja anafunga mizigo, na mmoja ndiye anajibu meseji. Huyu wa meseji alikuwa ameelemewa kabisa, maswali yale yale kila siku: bei gani, saizi zipo, nalipaje, mnatuma mpaka wapi. Wakaniomba niwawekee boti, yani majibu yanayojiendesha kwenye komenti na inboksi, ili yeye abaki na yale yanayohitaji mtu. Ombi la maana kabisa, na wiki ya kwanza ilienda vizuri mno, ndio maana hatukuona tatizo lilipokaa.

Kanuni zenyewe zilikuwa nyepesi. Kila kanuni ina neno la kufyatua na jibu lake. Meseji ikiwa na “bei”, jibu la bei linaenda. Ikiwa na “lipa”, yanaenda maelezo ya kulipa. Ikiwa na “viatu” au “saizi”, inaenda orodha ya vilivyopo. Salamu na asante nazo zina majibu yake. Isipokuwa na neno lolote kati ya hayo, boti inasema haijaelewa na inatoa menyu ya namba 1 mpaka 4, na namba 4 ndio “ongea na mtu”. Kwenye komenti, mtu yeyote akiandika chochote chini ya posti ya bidhaa anajibiwa hadharani kwamba ametumiwa bei inboksi, na kweli anatumiwa.

Sasa Jumamosi moja usiku akaja dada mmoja. Nayaweka mazungumzo kama yalivyokuwa, nimetoa tu vitu vya kumtambulisha:

Yeye: Habari
Boti: Karibu sana! Andika 1 kwa bei, 2 kwa kulipa, 3 kwa usafirishaji, 4 kuongea na mtu.
Yeye: Nimelipa tangu jumatano
Boti: Asante kwa kutuchagua! Kulipa ni rahisi, fuata hatua hizi...
Yeye: (picha ya meseji ya muamala)
Boti: Samahani, sijaelewa. Andika 1 kwa bei, 2 kwa kulipa...
Yeye: mbona viatu sijavipata
Boti: Viatu vipo! Saizi 36 hadi 45. Unapenda rangi gani?
Yeye: nyie ni matapeli

Baada ya kama dakika kumi yule mhusika wa meseji akaiona, akaingia mwenyewe, akaandika “Pole sana dada yangu, naangalia oda yako sasa hivi.” Dada akatulia kidogo, akajibu “haya nasubiri, ila hela yote nimelipa.” Na boti ikarudi tena katikati yao: Asante kwa kutuchagua! Kulipa ni rahisi, fuata hatua hizi.

Hapo ndipo ilipoharibika. Dada akahamia kwenye komenti, akaandika chini ya posti mpya kwamba watu wasilipe, yeye amelipa na viatu hajaviona. Na chini ya komenti hiyo, mbele ya watu wote, boti ikamjibu: “Asante kwa kupenda viatu vyetu! Bei tumekutumia inboksi.” Watu wakapiga skrinshoti, na kwa kweli sikuwalaumu, ukiisoma bila kujua kuna boti unaona ni dharau ya makusudi.

Tatizo la huyu dada lenyewe lilikuwa dogo sana. Alilipia kwa simu ya mume wake, jina la kwenye muamala likawa tofauti na jina la kwenye oda, basi hela ikaonekana haina mwenyewe na oda ikaonekana haijalipwa. Mtu mwenye akili timamu angemuuliza swali moja tu, dada ulilipia kwa jina gani, na ingeisha ndani ya dakika tano. Ile picha aliyoituma ilikuwa na jibu zima.

Jumapili nikakaa na kumbukumbu za meseji nikaanza kuifungua kanuni moja moja, na nataka nianze na hii ya “lipa” kwa sababu ndio kubwa na ndio ambayo miongozo mingi ya hizi tuli, yani programu za kusetia boti, haikusaidii, imeandikwa na watu wanaofikiria lugha nyingine. Hizi tuli zinakupa chaguo mbili. Ya kwanza ni neno zima, yani lazima mtu aandike “lipa” peke yake, na ya pili ni kipande cha neno, popote “lipa” itakapojitokeza. Kwa Kiswahili zote mbili zinakuangusha. Neno zima haliendi kwa sababu hakuna anayeandika “lipa” peke yake, watu wanaandika nalipaje, nitalipa wapi, naweza kulipa nusu. Kwahiyo nikachagua kipande, kama kila mtu anavyochagua, na kipande kinakamata kila kitu: nitalipa, nimelipa, sijalipa, nikilipa, mkinirudishia nilicholipa. Mzizi ni ule ule, lakini maana ya sentensi kwetu haikai kwenye mzizi, imekaa kwenye vile viambishi vya mbele. Anayesema “nitalipaje” ni mnunuzi. Anayesema “nimelipa” ameshamaliza kununua, sasa anadai. Ukimpa huyu wa pili maelezo ya kulipa, unamwambia alipe mara mbili.

Nikaanza kuangalia meseji za nyuma watu wanavyolisema hili jambo la “nimeshatoa hela”. Kuna nimelipa, nimeshalipa, nishalipa, nililipa, na kuna hii ambayo kitabuni haipo lakini kwenye simu imejaa: “nilipa juzi”. Mtu anameza ile “li” moja. Sasa iweke pembeni ya “nilipe wapi” uone, tofauti ni herufi moja ya mwisho, a na e, na mmoja ni mlalamikaji na mwingine ana hela mkononi anasubiri maelekezo. Kwahiyo kanuni ikabidi iandikwe kwa ruwaza, yani umbo la neno lenye sehemu zinazobadilika, badala ya neno tupu. Tuli tuliyotumia inaruhusu, ikawa hivi, na meseji inageuzwa kwanza yote iwe herufi ndogo:

```
\b(ni|tu)(li|me|sha|mesha)?(wa|m)?lipi?a\b
```

Inasomeka hivi: mwanzo wa neno, ni au tu, halafu kiambishi cha wakati uliopita kama kipo, halafu kama kuna “wa” au “m” katikati (niliwalipa, nimemlipa yule kijana wenu), halafu lipa au lipia, na neno liishie hapo. Ile `\b` ya mwisho ni ya muhimu maana inaiacha “nilipaje” ipite kwenda kwa boti. “Nilipe” haikamatwi, “nitalipa” haikamatwi, “nikilipa leo mnatuma lini” haikamatwi, zote hizo ni za wanunuzi na zinabaki kwa boti. Kile kipande cha “wa|m” sikuwa nacho mwanzo, nilikiongeza baada ya “niliwalipa” mbili kunipita.

Ya pili ikawa ni kukanusha kwa “ja”, yani sijapata, haijafika, havijaja, hatujaona. Hii karibu kila mara ni mtu anayesubiri kitu. Nikaandika `sija` na wenzake nikafurahi, nikajaribu kwenye meseji za zamani, na ya kwanza kabisa kukamatwa ilikuwa “sijambo, mnauza za watoto?” Ndio hivyo. Halafu kuna wanaoandika “cjapata” na “sjapata”, na hao ni wengi kuliko nilivyodhani. Ikaishia hapa:

```
\b(si|c|s|hai|havi|hatu)ja(?!mbo)
```

Kile cha mwisho kwenye mabano kinasema: isifuatwe na “mbo”.

Lakini alama niliyoipenda kuliko zote haihitaji hata ruwaza ngumu. Ni neno “yangu”. Nilipozipanga meseji kwenye mafungu mawili, wanaouliza upande huu na wanaodai upande ule, nikaona mtu ambaye hajanunua hana sababu ya kusema “mzigo wangu”, “oda yangu”, “hela yangu”, “viatu vyangu”. Umiliki unaanza baada ya kulipa. Anayeuliza atasema “saizi yangu ni 40” au “mguu wangu mpana”, hiyo sawa, kwahiyo usikamate “yangu” yenyewe, kamata ikiwa imeshikana na hela, pesa, oda, mzigo au jina la bidhaa. Ongeza hapo “mbona”, “bado” na “tangu” au “toka” ikifuatwa na siku. “Mbona” hasa, sijaona swali la mnunuzi wa kawaida linaloanza na mbona, isipokuwa “mbona bei imepanda”, na huyo naye ni bora ajibiwe na mtu.

Jambo la kushika hapa ni mpangilio. Mwanzo kanuni zangu zilikuwa zimepangwa kwa wingi wa maswali, bei juu, kulipa inafuata, na “ongea na mtu” chini kabisa kama mlango wa dharura. Tuli inasoma kutoka juu na inasimama kwenye ya kwanza inayolingana. Ndio maana “mbona viatu sijavipata” ilijibiwa kwa orodha ya viatu, kwa sababu neno “viatu” lilifikiwa kwanza. Tukageuza: alama zote za kudai zikapanda juu, na ikigusa hata moja boti haijibu swali, inakabidhi. Vya bei na saizi vikashuka chini, vinapata tu zile meseji ambazo hazina dalili yoyote ya mtu aliyekwama.

Mtu anaweza kusema sasa utamletea yule wa meseji kazi nyingi, “bado mnazo saizi 39?” nayo itakuja kwake kwa sababu ya “bado”. Ndio, itakuja, na ilikuja. Nilikubali kwa makusudi. Swali jepesi likienda kwa mtu, hasara ni sekunde ishirini za kuandika “zipo”. Lalamiko likienda kwa boti, hasara ni yale yaliyotokea Jumamosi. Haya makosa mawili hayana uzito sawa kwahiyo kanuni nazo zisiegemee katikati.

Kitu cha pili kilichokuwa kibovu hakikuhusu maneno kabisa. Watu hawaandiki meseji moja ndefu yenye kila kitu. Wanaandika “Habari”, wanatuma, “samahani”, wanatuma, “nililetewa saizi sio”, wanatuma, halafu picha. Boti yangu ilikuwa inajibu kila kipande kinapoingia, kwahiyo kabla mtu hajafika kwenye jambo lake ameshapokea menyu mara mbili. Suluhisho ni kuichelewesha. Meseji ikiingia, boti isubiri sekunde 20, ikiingia nyingine saa ianze upya, na mtu akinyamaza ndipo ivisome vipande vyote kama meseji moja. Nilianza na sekunde 10 ikawa fupi, wanaoandika polepole walikuwa wanakatwa katikati. Nikajaribu dakika nzima, mnunuzi wa bei akaona kama hakuna mtu. Ishirini ikakaa vizuri kwa peji hii, yako unaweza kuipima kwa kuangalia nafasi kati ya meseji na meseji za mtu mmoja.

Na zile zisizo na maandishi: picha, ujumbe wa sauti, video. Boti ya maneno haisomi picha, haisikii sauti, kwahiyo kuiambia ijibu “sijaelewa” ni kumfokea mtu aliyejieleza vizuri tu. Picha iliyotumwa inboksi kwenye biashara kama hii ni moja kati ya mbili, ama skrinshoti ya bidhaa anayoitaka, ama ushahidi wa muamala au wa kiatu kilichoharibika, na kutofautisha kunahitaji macho. Zote kwa mtu moja kwa moja. Sauti vile vile. Wengi wanaotuma sauti wana jambo refu au wamechoka kuandika, na wote wawili hawataki menyu.

Sasa nije kwenye ile boti kurudi katikati ya mazungumzo ya watu wawili, maana hii ndio iliyomuumiza zaidi yule dada, alikuwa ameshapoa. Tatizo ni kwamba boti haikujua kwamba mtu ameingia. Kwa upande wake meseji imekuja, ina “lipa”, ijibu. Kwenye Messenger, ukiunganisha tuli kwa njia ya Meta, kuna kitu kinaitwa `message_echoes`, yani kila meseji inayotoka kwenye peji kwenda kwa mteja, mwangwi wake unarudi kwenye tuli yako ukiwa na alama ya `is_echo`. Hivyo yule wa meseji akiandika kwa mkono kutoka kwenye inboksi, tuli inasikia. Kazi ni kuiambia: ukisikia mwangwi ambao hukuutoa wewe, nyamaza kwenye mazungumzo haya.

Hayo maneno “ambao hukuutoa wewe” usiyaruke. Mimi niliyaruka jaribio la kwanza, nikaandika tu ukisikia mwangwi nyamaza, na boti ikawa inajibu meseji moja, inasikia mwangwi wa jibu lake yenyewe, inadhani mtu ameingia, inanyamaza moja kwa moja. Siku nzima kila mteja alipata jibu moja tu halafu kimya. Ukiona dalili hiyo, jibu la kwanza linaenda na la pili haliendi kwa kila mtu, kaangalie hapo. Mwangwi wa tuli unakuja na `app_id`, linganisha na ya kwako, ikiwa ni yako upuuze.

Kama tuli yako ni ya kubonyeza tu bila kuandika chochote cha kikodi, tafuta kwenye seti zake kitu cha kusimamisha otomatiki mtu anapojibu, nyingi zinacho, ila mara nyingi kinakuja kimezimwa au kimewekewa muda mfupi. Ya kwetu tulipoiwasha ilikuwa dakika 30. Mtu akiingia, boti inalala dakika 30 toka meseji yake ya mwisho, halafu inaamka. Sasa fikiria mtu amekwenda stoo kutafuta kiatu, anampigia msafirishaji, dakika 30 zinapita, mteja anauliza “vipi nimelipa mimi”, na boti hiyo hapo imeamka. Muda haujui kama jambo limeisha. Tukaacha kuamsha kwa muda mfupi, tukatumia lebo: mazungumzo yakikabidhiwa yanapewa lebo “kwa mtu”, na boti haigusi kitu chochote chenye lebo hiyo mpaka mhusika aitoe mwenyewe kwa mkono. Watu wanasahau kuitoa, hilo ni kweli, kwahiyo kukiwa kimya cha masaa 24 pande zote mbili inajitoa. Kwa WhatsApp Business ile app ya kawaida hali ni tofauti kidogo, pale salamu ya otomatiki inaenda kwa mtu anayeandika mara ya kwanza au ambaye hamjaongea kwa siku 14, haisomi maneno, kwahiyo haiwezi kuwaingilia hivi, ila nayo haiwezi kukuchagulia nani apelekwe kwa mtu.

Kuna masaa mengine 24 ya kuyajua, ambayo sio ya kwenu kupanga. Kwenye Messenger na Instagram peji inaruhusiwa kumjibu mtu ndani ya masaa 24 toka meseji yake ya mwisho. Yakipita, otomatiki imefungiwa mlango. Mtu halisi ana nafasi zaidi, mpaka siku 7, na tuli inapopitisha jibu la mtu inatumia tagi ya `HUMAN_AGENT`, ambayo ni marufuku kuitumia kwa jibu la boti. Maana yake kwenye kazi ni hii: mtu aliyekabidhiwa Ijumaa usiku na akaguswa Jumatatu bado unaweza kumjibu, lakini ukimwachia boti imfuatilie itakuwa imechelewa. Na komenti nazo zina yake, ukimfuata mtu inboksi kwa sababu ya komenti aliyoandika unaruhusiwa meseji moja tu, ndani ya siku 7, mpaka yeye akujibu. Ile moja yetu kwa yule dada tuliitumia kumpa bei ya viatu alivyokwisha kulipia. Bahati nzuri yeye alikuwa ameshatuandikia inboksi mwenyewe. Angekuwa amekuja kwa komenti peke yake, tungekuwa tumeichoma nafasi pekee ya kumuomba radhi faraghani.

Kwa komenti nitasema wazi, mimi sasa sipendi jibu la hadharani la otomatiki kwa kila komenti. Kama maswali kumi chini ya posti ni “bei?”, dawa ni kuandika bei kwenye posti. “Njoo inboksi” inawachosha watu, na inafungua mlango kwa wezi wanaofungua akaunti yenye picha ya peji yako, wanapita kwenye komenti, wanawafuata walioandika “bei” inboksi na kuwapa namba yao ya malipo. Mteja aliyezoeshwa kufuatwa inboksi na boti yako hawezi kushtuka akifuatwa na mwingine. Kwahiyo tulifuta ile kanuni ya “chochote”. Kwenye komenti boti ikabaki na maswali mawili tu, saizi na usafirishaji, inajibu hapo hapo hadharani jibu kamili, na namba ya malipo haitajwi kabisa. Komenti yenye alama yoyote ya kudai, boti inakaa kimya hadharani na inboksi, inampigia mhusika kengele tu. Wenye peji walitaka pia komenti zenye “matapeli” zifichwe zenyewe. Nilikataa. Komenti ile ilikuwa ya kweli kwa aliyeiandika, na kilichoituliza hatimaye ni jibu la mtu chini yake, kwamba malipo yameonekana, yalikuja kwa jina jingine, mzigo unatoka kesho asubuhi. Waliokuwa wanasoma waliona mwanzo na mwisho. Ukificha wanaona mwanzo tu, kwenye skrinshoti.

Bado kuna ile sentensi yenyewe ya kukabidhi, boti inasema nini inapojiondoa. Ya zamani ilikuwa “Mhudumu wetu atakujibu sasa hivi”, na ilikuwa inasema hivyo hata saa tisa usiku wakati wote watatu wamelala. Tuliigawa mbili kwa saa. Kuanzia saa mbili asubuhi mpaka saa mbili usiku inasema: “Hili linahitaji mtu, nimempelekea mwenzetu. Kama ni kuhusu malipo, tuandikie jina lililotumika kulipia na siku uliyolipa, atakapofika aanze nalo. Usitume namba ya siri kwa mtu yeyote.” Usiku ni hiyo hiyo ila inasema ofisi itafunguliwa saa mbili asubuhi na wewe ni miongoni mwa wa kwanza. Lile ombi la jina na siku ndio nililifikiria sana, kwa sababu kukabidhi sio kuhamisha mtu kutoka foleni moja kwenda nyingine, anayepokea anatakiwa akute jambo limeshaanza. Kama huyu dada angeombwa jina la muamala Jumamosi ile, angeandika jina la mume wake na kila mtu angeelewa hapo hapo. Na mhusika naye akifungua anaona juu ya mazungumzo kipande kifupi, kanuni ipi imegusa na boti imesema nini mpaka hapo, ili asianze na “habari, nikusaidie nini” kwa mtu aliyejieleza mara tatu.

Kabla ya kuwasha tena tulichukua meseji 150 za nyuma, tukazipitisha kwenye kanuni mpya bila kutuma chochote, na mimi na yule wa meseji tukasoma moja moja, hii ingeenda wapi na ilitakiwa iende wapi. Yeye alikuwa bora kuliko mimi kwenye hili, maana anawajua wateja wake wanavyoongea. Ndiye aliyeniambia kwamba mtu akiandika “boss” mwanzo kwa kawaida anaomba punguzo, na akiandika “boss” mwishoni baada ya nukta nukta ameanza kukasirika. Sikuiweka kwenye kanuni, lakini ilinifundisha kwamba anayeseti asikae peke yake na tuli.

Moja ilitushinda na mpaka leo haina kanuni. Kulikuwa na meseji inasema “Asanteni sana kwa huduma yenu”. Kanuni ya zamani ya shukrani ingemjibu “Karibu tena ❤️”. Tulipofungua mazungumzo yote tukaona mtu huyo aliletewa viatu viwili vya mguu wa kushoto, aliandika mara mbili hakujibiwa, na hiyo asanteni ndio ilikuwa meseji yake ya mwisho. Maneno hayana kosa lolote, hakuna nime wala sija wala mbona. Tulifuta kanuni ya shukrani. Sasa asante ikiingia boti inanyamaza, na yule wa meseji anazisoma zote jioni, anapanda juu kidogo kuangalia kilichotangulia.